Bwana Bakora Avuliwa Koti

Iko nchi moja. Sitataja iko upande gani, kwa sababu mgongo ninao mmoja tu na bado naupenda. Wenyewe wanaiita Jamhuri ya Heshimani, na ni nchi njema, yenye amani ya kusikika kwa masikio. Ukisimama kwenye kilima chochote asubuhi ya siku ya kazi, utaisikia amani hiyo ikilia chwa, chwa, chwa, kutoka kila wilaya.

Heshimani hawana magereza. Waliyafunga zamani, serikali ilipogundua kwamba mfungwa anakula. Badala yake wana Wizara ya Adabu. Raia akipiga chafya wakati wa wimbo wa taifa, viboko sita. Akiuliza kwa nini bomba halitoi maji, kumi na viwili. Akiuliza tena kesho yake, ishirini na vinne, maana hapo si swali tena, ni tabia. Analala kifudifudi kwenye benchi la mninga, anachapwa, anainuka na kusema, "Nimeadabika, Bwana Bakora." Naye Bwana Bakora anamjibu kwa maneno yaliyoandikwa kwenye ibara ya kwanza ya katiba: "Nenda ukawe mtu." Anapewa cheti chake, anakwenda zake akitembea kiubavu-ubavu kama kaa. Sijawahi kusikia aliyelalamika. Waliolalamika walichapwa tena.

Bwana Bakora si jina, ni cheo. Kwa miaka thelathini na minne cheo hicho kilikaa juu ya mtu mmoja aliyezaliwa Ngulumbi, mwana wa mfinyanzi, mrefu, mkono wake wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Huyu bwana kazi yake aliijua. Fimbo zake zilikuwa za mkwaju, zimelowekwa kwenye maji ya chumvi siku saba, zikaanikwa kivulini zisipinde. Alichapa kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Bega, alikuwa akisema, ni la wachunga ng'ombe. Hakuwahi kukosea hesabu, hakuwahi kumwonea mtu, na hakuwahi kumhurumia mtu. Mawaziri kumi na mmoja walipita wizarani katika zama zake, na saba kati yao aliwachapa yeye mwenyewe siku walipofukuzwa. Alikuwa na koti jekundu la kitambaa kizito lenye vifungo tisa vya shaba, na alipopita mtaani, watu walishuka barabarani wakasimama mtaroni mpaka apite.

Mwaka wa pili wa ndoa yake, mkewe Sikudhani alimwita mbele ya wageni, "Ngulumbi, uji unapoa." Hakumchapa, kwa sababu nyumbani hakukuwa na fomu ya viboko. Alisubiri wageni waondoke, akamwambia taratibu kwamba huyo Ngulumbi alikuwa kijana fulani asiye na kazi, na amekwisha kufa. Tangu siku hiyo, hata uji ulipopoa, ulipoa kwa heshima: "Bwana Bakora, uji tayari."

* * *

Barua ya kwanza ya kustaafu ilimfikia miaka miwili kabla ya kutimiza sitini. Aliisoma nusu, akaitia kwenye mtoto wa meza chini ya glavu. Ya pili hakuifungua. Ya tatu aliichana, akafutia nayo ncha ya kalamu. "Serikali haiwezi kujikata mkono," alimwambia mkewe.

"Mkono una miaka hamsini na tisa," Sikudhani alijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Wizara, kwa wema wake, ilimpeleka kwenye semina ya siku mbili ya maandalizi ya kustaafu. Mkufunzi aliwafundisha ufugaji wa kuku na umuhimu wa kunywa maji mengi. Wenzake waliandika. Bwana Bakora alimlaza mkufunzi juu ya meza, akamchapa sita kwa kosa la kumtisha mtumishi wa umma, akarudi kazini kabla ya chai ya saa nne.

Lakini siku ni kama mdai wa deni la nguo, haisahau mlango. Ikafika. Watumishi walikusanywa uwanjani, bendi ikapiga, na Waziri wa Adabu, Mheshimiwa Mpalakasa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, akapanda jukwaani na karatasi kumi na nne.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo tunamuaga, lakini hatumuagi! Anaondoka, lakini haondoki! Mgongo gani katika nchi hii haukumbuki mkono huu? Wizara itamkumbuka milele, na ikimsahau, itaunda kamati ya kumkumbuka!"

Watu walipiga makofi kwa muda uliowekwa na kanuni, yaani dakika nne. Mzee mmoja aliyeacha kwenye dakika ya tatu alichukuliwa pembeni, na kwa dakika moja makofi yalichanganyika na mayowe yake. Kisha Bwana Bakora akaletewa zawadi: godoro la inchi nane, limefungwa utepe. "Apumzike," alisema Waziri, na watu wakacheka.

Hapo ndipo walipomvua koti. Waziri mwenyewe alifungua vifungo, kimoja baada ya kingine, na kwa kila kifungo tarumbeta moja ililia. Chini ya koti alikuwa na fulana yenye tundu kwapani. Hakuna aliyewahi kumwona na fulana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu elfu mbili walimtazama na hakuna aliyeogopa. Alifunika tundu kwa mkono wa kushoto.

Koti akavishwa Mwanaidi Tenge, mwanamke wa miaka arobaini, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka tisa. Lilimkaa kama lililokatwa kwa vipimo vyake. Hilo lilimuuma zaidi ya tarumbeta zote.

"Nani huyu?" Waziri aliuliza umati, akimwonyesha Mwanaidi.

"Bwana Bakora!" umati ukajibu.

Hawakuulizwa yule mwenye fulana ni nani, na kwa vile katika nchi hiyo mtu hajibu asichoulizwa, walikwenda nyumbani.

* * *

Wiki ya kwanza haikuwa mbaya, nawaambia ukweli. Alilala mpaka saa moja, alikula mayai, aliwaambia majirani kwamba sasa atapumzika, kwani ameichapia nchi ya kutosha. Alisema hivyo mara nyingi mno, na kila aliposema alikuwa akiangalia simu.

Simu haikulia. Zamani ililia mpaka msalani: mkuu wa wilaya anataka ushauri kuhusu mtu mwenye ngozi ngumu, shule inaomba fimbo tatu, binamu wa binamu anaomba apunguziwe viwili. Siku ya tisa alichukua simu ya Sikudhani, akajipigia. Ikalia vizuri kabisa. Akaipokea, akasema, "Bwana Bakora anaongea," akajisikiliza kwenye simu ya pili, akakata.

Wiki ya tatu mwili ukaanza kudai ada yake. Saa kumi alfajiri macho yalikuwa wazi. Saa kumi na moja alikuwa amenyoa ndevu, amevaa koti la mvua kwa kuwa la wizara halikuwepo, ameketi sebuleni na viatu vinavyong'aa, hana pa kwenda. Na saa mbili kamili, saa ya kufungua benchi, mkono wa kulia ulijiinua wenyewe. Alikuwa anakunywa chai. Kikombe kiliruka mpaka ukutani.

Daktari wa wilaya aliupinda mkono huku na huku, akaugonga kwa nyundo ndogo. "Mkono mzima, mzee," alisema. "Unalala?"

"Silali."

"Chakula?"

"Kama majivu."

"Unajiona huna faida?"

Badala ya yeye kujibu, mkono ulijibu. Daktari alishonwa nyuzi nne juu ya jicho, na kwenye faili akaandika: *Amestaafu.* Ni ugonjwa unaojulikana sana pale Heshimani, ila dawa yake wizara haijaiagiza.

Basi ikawa kila asubuhi saa mbili Bwana Bakora, au tuseme yule aliyekuwa Bwana Bakora, analitoa godoro uani, analilaza juu ya mawe, na kulichapa. Alianza na viboko ishirini na vinne. Akafika mia mbili. Alilipiga mpaka kitambaa kikachanika, na sufi zikaruka juu ya ukuta na kutua vichwani mwa majirani. Alilitukana kwa jina la Waziri, alilitukana kwa jina la Mwanaidi, na mwisho alilipiga bila kusema kitu huku machozi yakimtiririka. Godoro lilipokwisha akahamia kwenye mpapai. Mpapai ulianguka siku ya pili. Akamfuata beberu. Beberu wa watu hakuwa amekosa lolote. Alikufa amefungwa kambani, uti wa mgongo umevunjika mahali pawili, na Sikudhani alimkuta mumewe ameketi kando yake, damu mpaka viwikoni, akisema, "Hakusema ameadabika. Hakusema."

* * *

Sasa tuseme habari ya Sikudhani. Kwa miaka thelathini na minne nyumba ile ilikuwa nchi yake. Alijua jiko linataka nini, jirani gani akopeshwe chumvi na nani asikopeshwe, mchana wake una mapumziko gani na wimbo gani wa redio. Ghafla ameletewa mwanamume wa kutwa nzima, mwenye macho ya ukaguzi.

Mwanamume huyo alibandika ratiba ukutani. Saa tatu, kufagia. Saa tatu na robo, ukaguzi wa ufagio. Alihesabu vitunguu. Alitaka kujua kwa nini sufuria ndogo inawekwa juu ya kubwa. Siku moja alikuta maharage yamechelewa dakika ishirini, na akasimama mlangoni mwa jiko na fimbo mkononi, ya mkwaju, iliyokuwa imelowekwa.

"Lala kwenye benchi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kazini, sauti ya upole.

Sikudhani alikuwa anatwanga. Hakupiga kelele. Fimbo iliposhuka ikampasua sikio, damu ikatiririka shingoni mwake, na kabla haijanyanyuka tena, mchi ulikuwa umeshatua. Ulitua kwenye mdomo. Ukatua tena kwenye ubavu, na mara ya tatu kwenye paja, na mumewe akaanguka juu ya kinu, meno mawili yamechanganyika na unga.

"Hapa si wizarani!" Sikudhani alisema, akitweta, mchi bado juu. "Umesikia? Na hukunichapa miaka yote ile kwa sababu ulikuwa unashiba huko! Mimi nimeolewa na koti! Nimelifua, nimelipiga pasi, nimelala nalo chumba kimoja miaka thelathini na minne. Sasa koti limekwenda, na aliyebaki humu ndani simjui. Wewe unamjua?"

Mumewe alitema damu. Alitaka kusema, "Mimi ni Bwana Bakora," lakini bila meno ya mbele ilitoka pumzi tu. Sikudhani aliweka mchi chini, akakaa sakafuni, akalia kwa uchovu. Halafu akamfunga ubavu kwa kitenge, maana hasira yake ilikuwa kubwa lakini si ndefu. Ile ratiba aliitumia kuwashia moto.

* * *

Nyumbani alishashindwa kutambulika. Akaona aende mjini, kwa watu wake. Watu wake walikuwa wengi, kwa hesabu ya vyeti laki moja na elfu kumi na sita, na aliamini kwamba mtu hamsahau aliyemfanya mtu.

Alianza na fundi viatu wa sokoni, Mzee Tungaraza, aliyewahi kuchapwa naye ishirini na vinne mwaka wa njaa. Alisimama mbele yake, akavuta kifua, akangoja fundi ateremke mtaroni.

"Soli au kisigino?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hunijui?"

Fundi alimtazama vizuri: mzee mrefu, koti la mvua juani, mapengo mawili. "Hapana, mzee wangu. Tumekutana wapi?"

"Mwaka wa njaa! Benchi la mninga! Ishirini na vinne!"

"Aaa," fundi alisema, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu anayekumbuka mvua. "Huo nakumbuka. Lakini wewe sikukuona. Nilikuwa nimelala kifudifudi."

Jamani, hapo ndipo kosa la maisha yake lilipokuwa. Watu laki moja na elfu kumi na sita, wote walilala kifudifudi. Kabla ya kulala waliangalia vifungo vya shaba, na baada ya kuinuka waliangalia mlango. Uso hakuna aliyekuwa na nafasi nao.

Lakini yeye aliwajua! Akamwomba fundi avue shati. Fundi, aliyezoea kutii, akavua. Na pale mgongoni, mistari ishirini na minne imepangana sambamba kama matuta ya shamba, hakuna mmoja uliopanda juu ya mwenzake. Mzee aliipitishia vidole. "Hii ni kazi yangu," alisema. "Ona nafasi zake. Nani mwingine anaweza?"

"Mimi mgongo wangu siuoni, mzee," fundi alisema, akavaa shati, akarudi kwenye soli yake.

Aliwavua mashati watu saba siku ile. Aliwakumbuka wote, mwaka, kosa na idadi. Hakuna hata mmoja aliyemkumbuka. Wa nane alikuwa mwanamke, na mumewe alikuwepo. Alirudi nyumbani na kidole kimoja kimevunjika.

* * *

Akaona basi, aende kuwasalimia kazini. Kila mstaafu wa Heshimani huenda kusalimia, na kila ofisi hufurahi mara ya kwanza.

Mlinzi wa geti, ambaye kwa miaka kumi na miwili alimpigia saluti hadi kofia ikamdondoka, alimsukumia daftari la wageni. "Jina, unakotoka, na shida."

"Unanichekesha. Bwana Bakora."

"Bwana Bakora yuko ndani anachapa," mlinzi alisema kwa adabu kabisa. "Labda shida yako ni kumwona yeye. Andika jina lako."

Alishika kalamu. Aliitazama ile nafasi ya jina, na nafasi nayo ikamtazama. Mwishowe akaandika: *Mgeni.*

Mwanaidi alimpokea vizuri. Alimletea kiti, chai na andazi, akawaambia wafanyakazi wasimame wamsalimie. Kisha akaendelea na kazi, maana foleni ilikuwa ndefu, na mzee akakaa kando akitazama. Mwanaidi alichapa kwa kifundo, safi, bila haraka. Mzee alitafuta kosa kwa saa mbili. Halikuwepo, na andazi hakulimaliza.

"Unawainua mapema," alisema mwishoni. "Uwaache kidogo walale. Wasikie."

"Asante, mzee," alisema Mwanaidi. "Foleni tu."

Alirudi kesho. Alirudi kesho kutwa. Siku ya tano andazi halikuwepo. Siku ya saba alimpokonya Mwanaidi fimbo katikati ya hesabu, akamchapa kijana aliyekuwa benchini viboko kumi vya ziada, kwa furaha ambayo hata wakongwe wa foleni iliwatia hofu. Walinzi wanne walimkamata, na katika kumkamata aliwavunja pua wawili.

Mwanaidi alimsindikiza mpaka nje. Ilikuwa saa tisa, saa ya kufunga, na alikuwa amekwisha kulivua koti na kulitundika nyuma ya mlango. Alikuwa na kikapu chenye nyanya.

"Unaliacha hapo?" mzee aliuliza. "Hulali nalo?"

"Nilale nalo la nini? Mzee wangu, mimi hii ni kazi. Ikifika saa tisa naiacha hapo mlangoni, naenda kwangu. Kwangu mimi ni mama Shukuru, mwimbaji wa kwaya, mpika vitumbua. Siku wakinivua koti nitasikia baridi, nitatafuta sweta."

Mzee alimtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya ng'ambo. Hakuwa amewahi kusikia matusi makubwa namna ile kuhusu kazi.

"Usirudi, tafadhali," Mwanaidi aliongeza, na alisema hivyo kwa huruma. "Wakikukuta tena, itabidi nikuandikie fomu."

Hilo neno la mwisho alikwenda nalo nyumbani. Alilitafuna usiku kucha, na kulipokucha alikuwa ametulia kuliko siku zote tangu avuliwe koti.

* * *

Asubuhi hiyo alibeba benchi la jikoni kichwani, akaliweka katikati ya mzunguko mkubwa wa barabara, mbele ya sanamu ya Adabu. Alikuwa na fimbo sita. Wa kwanza kupita alikuwa karani mwenye baiskeli. Mzee alimtoa juu ya baiskeli kwa kola, akamlaza, akamchapa kumi na viwili kabla karani hajauliza kosa lake. Karani, kwa mazoea, aliinuka akasema, "Nimeadabika, Bwana..." kisha akaangalia. Hakuna koti.

"Wewe nani?" aliuliza.

Mzee akamchapa usoni. Karani akapiga yowe. Akamdaka muuza karanga, akamdaka shemasi, akamdaka mwalimu aliyekuwa anakimbilia kipindi, na kwa robo saa palikuwa na watu kumi na wawili barabarani wanavuja damu, wote wakiuliza swali moja. Wewe nani? Wewe nani? Kila swali lilipata fimbo. Fimbo ya tano ilipokatika mgongoni mwa shemasi, umati ukaelewa jambo ambalo Heshimani hawakuwahi kulielewa tangu wapate uhuru wao: huyu anayetuchapa ni mtu tu.

Sitaki kueleza sana. Walikuwa na miaka thelathini na minne ndani yao. Walimpiga kwa mawe, kwa pampu ya baiskeli, kwa miguu ya benchi lake mwenyewe. Mzee Tungaraza fundi viatu, ambaye hakuwahi kuinua sauti, alipiga kwa nyundo yake ya misumari, polepole, akihesabu. Waliomwokoa ni askari, na walimwokoa kwa sababu kanuni ya tisa inasema mtu anayesubiri viboko asifike kwenye benchi amekwisha kufa.

Kosa lake lilisomwa: kuchapa bila cheo. Adhabu, ishirini na vinne. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, mwaka wake wa sita kazini, na ilimpa nishani. Mkuki kwa nguruwe, waungwana.

* * *

Mtaniona mwongo nikisema kwamba aliingia chumba cha benchi anatabasamu kwa midomo iliyopasuka. Lakini alitabasamu. Alinusa maji ya chumvi, akafumba macho. Alikuwa amerudi kazini.

"Lala, mzee," alisema Mwanaidi, amevaa koti, vifungo vyote tisa.

Alilala. Cha kwanza kilishuka. "Safi," alisema mzee. "Kifundo hicho." Cha pili. "Sogea inchi moja chini." Cha tatu. "Hapo hapo, mwanangu. Hapo hapo." Alihesabu kwa sauti, kama alivyowahesabia wengine, na mpaka cha sita watu waliokuwa kwenye foleni wangeapa kwamba yeye ndiye anayechapa.

Kwenye cha saba sauti ilikatika. Ngozi ilifunguka juu ya mbavu zilizovunjwa na mchi. Kwenye cha kumi alitafuta kitu cha kung'ata, na mdomo wake ukafika kwenye ukingo wa benchi, upande wa kichwani, mahali ambapo mchapaji hasimami kamwe. Ukingo ule ulikuwa umeliwa. Ulikuwa na alama za meno, mamia kwa maelfu, zimechimba mninga mgumu mpaka ukawa kama sega. Meno makubwa, meno madogo. Miaka thelathini na minne alilifuta benchi hilo kila jioni, na huko hakuwahi kuangalia. Aliweka meno yake, yale yaliyobaki, ndani ya meno ya watu, akalia kama mtoto. Hakusahihisha tena.

Cha ishirini na nne kilipokwisha, aliinuka kwa kushikilia ukuta. Damu ilimfika visiginoni.

"Nimeadabika, Bwana Bakora," alisema.

"Nenda ukawe mtu."

Kanuni inasema hapo raia ageuke, achukue cheti, atoke. Yeye alibaki amesimama. Katika vyeti vyote laki moja na elfu kumi na sita, hakuna aliyewahi kuuliza alichouliza yeye, naye aliuliza kwa sauti ndogo, kwa kutaka kujua kweli.

"Nikawe nani?"

Mwanaidi alimtazama mwandishi wa kumbukumbu aliyeketi pembeni, naye akafungua Mwongozo wa wizara, akapekua, akatikisa kichwa. Baadhi ya watu wa foleni walianza kujiuliza kimoyomoyo, jambo ambalo Heshimani ni viboko kumi na viwili. Kisha saa ya ukutani ikagonga tisa. Mwanaidi akashusha pumzi, akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango.

"Tumefunga, mzee wangu," alisema.

Nje ya geti Sikudhani alikuwa anangoja, sikio lina kovu, mkononi ana kitenge safi na chupa ya uji. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, akilifanyia mazoezi neno moja, maana ulimi ulikuwa umelisahau kwa miaka thelathini na minne. Alimwona anatoka, anayumba, cheti mkononi.

"Ngulumbi!" aliita. "Ngulumbi, uji unapoa."

Mzee alisimama. Akageuka nyuma polepole, kwa maumivu makubwa, kumtazama huyo anayeitwa.